Maswali yenu ya biti: witiri, vipeo vya mbili na kubadilishana bila kigeu cha tatu

Natambua witiri kwenye Java kwa `n % 2 == 1`. Nikiweka 7 inakubali, nikiweka -3 inakataa. Mwenzangu anasema nitumie `n & 1`. Hiyo haitanidanganya kwenye hasi? (Mwanafunzi, Dodoma)

Haitakudanganya. Ukigawanya -3 kwa 2, Java hukata jibu kuelekea sifuri na kupata -1, kisha baki nayo inakuwa -1. Wewe umeuliza kama baki ni 1, ikakujibu hapana, na kusema kweli haijakosea. Ungeandika `n % 2 != 0`, -3 ingepita pamoja na 7. C nayo iko hivyohivyo. Python ndiyo hutoa 1 kwa `-3 % 2`, na ndiyo maana waliojifunzia Python huumia zaidi wakihamia Java.

Sasa tuje kwenye `n & 1`. Alama ya `&` hupitia namba mbili biti kwa biti, na huacha 1 pale tu ambapo pande zote mbili zina 1. Namba 1 ina biti moja tu iliyowaka, ile ya mwisho kulia, kwa hiyo kila kitu kingine kinafutwa na kubaki biti hiyo peke yake. Biti nyingine zote zina thamani ya 2, 4, 8 na kuendelea, ambazo ni shufwa. Hakuna biti nyingine inayoweza kuifanya namba kuwa witiri isipokuwa hiyo ya mwisho.

Kwa hasi, kompyuta hugeuza biti zote za namba chanya kisha huongeza 1. Tufanye kwa biti 8: 3 ni `00000011`, ukigeuza unapata `11111100`, ukiongeza 1 inakuwa `11111101`. Hiyo ndiyo -3, na biti yake ya mwisho bado ni 1. Haikutokea kwa bahati: ukigeuza witiri, biti ya mwisho inakuwa 0, na ile 1 unayoongeza inairudisha.

Ila usibadilishe msimbo wako wote kwa kutafuta kasi. Kompaila za siku hizi zikiona `n % 2 != 0` huzalisha maelekezo yaleyale ya `&`. Chagua ile ambayo atakayeisoma baada yako ataielewa.

Nimeandika `if (n & 1 == 0)` kwenye C ili kukamata shufwa. Haikamati hata moja! (Nakuru)

Weka mabano: `if ((n & 1) == 0)`. Kwenye C, `==` hutangulia `&`. Msimbo wako ulisomwa `n & (1 == 0)`, na kwa kuwa 1 si sawa na 0, ukabaki na `n & 0`, yaani sifuri daima. Kibaya zaidi, ungeandika `n & 1 == 1` ingefanya kazi, kwa sababu `1 == 1` hutoa 1, nawe ungeondoka ukiamini umeandika sawasawa.

Mpangilio huu ni urithi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya `&&` kuwapo, `&` ndiyo ilifanya kazi zote mbili, ya biti na ya kuunganisha masharti. `&&` ilipoingia, `&` iliachwa kwenye daraja lake la zamani ili programu zilizokwisha kuandikwa zisivunjike. Java itakataa kabisa kutafsiri mstari huo, na Python inausoma kama ulivyokusudia. Ukiwa kwenye `gcc`, washa `-Wall`, itakuonya juu ya mabano.

Naona watu wanapima kipeo cha mbili kwa `n & (n - 1)`. Inafanyaje kazi, na mimi nitaihitaji wapi kwenye kazi ya kweli? (Msomaji, Mwanza)

Fikiria kwanza namba zetu za kawaida. 1000 ukitoa 1 unapata 999: ile tarakimu ya mbele inashuka na sifuri zote zilizoifuata zinajaa. Kwenye biti ni hivyohivyo, ila kinachojaa ni 1. Namba 64 ni `1000000`, na 63 ni `0111111`. Hazina biti hata moja iliyowaka mahali pamoja, kwa hiyo `64 & 63` ni 0.

Jaribu na 96, ambayo si kipeo cha mbili:

```
96  1100000
95  1011111
&   1000000
```

Jibu ni 64, si sifuri. Angalia kilichotokea: kutoa 1 kumegusa biti ya chini kabisa iliyowaka na zile zilizo kulia kwake tu. Zilizo juu yake hazikuguswa. Kwa hiyo `n & (n - 1)` kila mara huzima biti moja, ile ya chini kabisa iliyowaka. Kipeo cha mbili kina biti moja tu iliyowaka, ukiizima hakibaki na kitu. Hata kuhesabu biti zilizowaka unaweza kutumia njia hiyo: rudia mpaka namba iwe sifuri, idadi ya marudio ndiyo jibu. Peter Wegner aliichapisha mwaka 1960.

Tatizo liko kwenye sifuri. `0 & (0 - 1)` nayo ni 0, na hivyo kipimo kitasema sifuri ni kipeo cha mbili. Si kweli. Kisha kuna ile namba ndogo kuliko zote ya biti 32, -2147483648, ambayo ina biti moja tu iliyowaka, ya kwanza kushoto. Java itaipitisha bila aibu. Kwenye C ni hatari zaidi, maana kuitoa 1 kunapita mpaka wa `int`, na lugha haikuahidi lolote juu ya kitakachofuata. Sharti moja linaziba matundu yote mawili, mradi litangulie:

```java
boolean niKipeoChaMbili(int n) {
    return n > 0 && (n & (n - 1)) == 0;
}
```

Sasa hilo la kazi ya kweli. Chukua `HashMap` ya Java. Inahifadhi vitu kwenye safu ya vyumba, na kujua kitu kiende chumba gani inakokotoa `(n - 1) & hash`, ambapo `n` ni idadi ya vyumba na `hash` ni namba inayokokotolewa kutokana na ufunguo wa kitu. Kwa kawaida huanza na vyumba 16. Ikiwa hash ni 1234, `15 & 1234` hutoa 2, sawasawa na baki ya 1234 ukigawanya kwa 16, lakini bila kugawanya. Ujanja huu una sharti: `n` lazima iwe kipeo cha mbili. Ndiyo maana ukiomba nafasi 100, unapewa 128.

Tuseme wangekukubalia 100 kama ulivyoomba. Hapo `n - 1` ni 99, yaani `1100011`. Ina biti nne tu zilizowaka, na `&` haiwezi kuwasha biti ambayo 99 haina. Kwa hiyo hata ulete hash za aina gani, majibu yanayowezekana ni 16 tu. Vyumba 84 kati ya 100 vingebaki vitupu milele, na vitu vyako vyote vingesongamana kwenye 16 vilivyobaki. Programu isingeanguka wala kutoa kosa, ingekuwa nzito tu, na ungetafuta sababu kwa muda mrefu. Ukiandika jedwali lako mwenyewe la namna hii, kipimo cha kipeo cha mbili kikae pale linapoundwa, mapema kabla ya kitu chochote kuingia.

Kwenye JavaScript kipimo hichohicho kinaniambia 4294967297 ni kipeo cha mbili. Hiyo ni witiri jamani. (Zanzibar)

JavaScript, kabla ya kutumia `&`, hukata namba ibaki na biti 32 za chini. Namba yako ni 4294967296 jumlisha 1, na ile sehemu kubwa inaanguka kwenye ukataji. Inabaki 1, na `1 & 0` ni 0. Sharti la `n > 0` halikusaidii, kwa sababu lenyewe linaiona namba nzima. Ama zuia namba zinazozidi 2147483647, ama tumia `BigInt`, ambayo haikatwi.

Fanksheni yangu ya C hubadilishana thamani kwa `^` bila kigeu cha tatu. Nimeitumia kugeuza safu nyuma mbele. Zikiwa namba sita, safi. Zikiwa tano, ya katikati inakuwa 0. (Fundi programu, Arusha)

Fanksheni yako bila shaka ni hii:

```c
void badili(int *a, int *b) {
    *a ^= *b;
    *b ^= *a;
    *a ^= *b;
}
```

Na mzunguko wako bila shaka una `while (i <= j)`. Alama ya `^` hutoa 1 pale biti mbili zinapotofautiana, na 0 zinapofanana. Chukua 12 na 10, yaani `1100` na `1010`. Mstari wa kwanza unafanya `a` iwe `0110`, yaani ramani ya mahali zinapotofautiana. Mstari wa pili unaipitisha ramani hiyo juu ya `b`, inakuwa `1100`, ile 12. Wa tatu unaipitisha 12 juu ya ramani, na `a` inakuwa `1010`, ile 10. Zimebadilishana.

Katika safu ya namba tano, `i` na `j` hukutana katikati. Hapo `a` na `b` ni mahali pamoja kwenye kumbukumbu, na mstari wa kwanza unailinganisha namba na yenyewe. Haitofautiani popote, inakuwa 0, na thamani ya zamani haijahifadhiwa mahali pengine. Ukiwa na 4, 9, 7, 2, 5 utapata 5, 2, 0, 9, 4. Safu ya sita haina katikati, ndiyo maana ilikuficha kosa.

Usichanganye hili na thamani kufanana. Vigeu viwili tofauti vyenye 7 na 7 vitabadilishana salama: `a` inakuwa 0, `b` inabaki 7, kisha `a` inarudi 7. Kinachoua ni anwani moja.

Ukiandika `i < j` utapona hapa. Lakini ukiichukua fanksheni hiyo kupangia namba, kwa mtindo wa kutafuta iliyo ndogo na kuileta mbele, utakutana na sifuri tena kila ndogo inapokuwa tayari iko mahali pake. Hapo utahitaji `if (a != b)` ndani ya fanksheni, ukilinganisha anwani zenyewe.

Basi huo ujanja wa `^` una kasi kuliko kutumia kigeu cha tatu? (Kigali)

Kwenye kompyuta na simu za leo, hapana. Kigeu cha tatu hukaa kwenye rejista, na mara nyingi kompaila hukiondoa kabisa kwa kubadili majina tu. Mistari mitatu ya `^` kila mmoja unasubiri jibu la uliotangulia, kwa hiyo prosesa haiwezi kuifanya sambamba. Ongeza na ule ukaguzi wa anwani tuliotoka kuuona. Pia haifanyi kazi kwa namba za desimali: C itakataa `^` kwenye `double`. Kwenye Python andika `a, b = b, a`. Kwenye C andika `int t = *a; *a = *b; *b = t;`, ambayo hata ukiipa anwani moja mara mbili haiharibu kitu.

Ukiulizwa kwenye usaili wa kazi, ionyeshe, kisha utaje lile tatizo la anwani moja kabla hujaulizwa. Na usiibane kuwa `a ^= b ^= a ^= b`. Kwenye C tabia yake haijafafanuliwa, na kwenye Java, ambako imefafanuliwa, `a` hubaki 0.