Niliacha kazi kabla notisi haijaisha, wakaniambia nadaiwa 720,000

Jamani kama unafikiria kuacha kazi hapa Tanzania, kaa na kalkuleta kabla hujapeleka barua. Mimi nilipeleka tarehe 1, notisi ni siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, ila kazi mpya walinihitaji haraka nikaondoka baada ya siku 14. Nikaitwa utumishi, nikapewa karatasi: mshahara wa siku nilizofanya 360,000, likizo sifuri, kata notisi 780,000, kata advansi 300,000. Yaani nadaiwa 720,000. Nilitoka pale miguu haina nguvu.

Usiku nikaipitia upya mstari kwa mstari. Basiki yangu ilikuwa 780,000, siku sita kwa wiki, kwa hiyo siku moja ni kama 30,000 (gawa kwa 26). Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 41, inamruhusu mwajiri akate kile ambacho ungelipwa kama ungefanya kazi kipindi cha notisi, sasa mimi nusu nilishaitumikia! Zilibaki siku 12 za kazi, ni 360,000, siyo mwezi mzima.

Likizo ndo iliniuma zaidi, maana waliniambia anayeacha mwenyewe anaipoteza. Si kweli, likizo uliyokusanya unalipwa hata ukiacha mwenyewe. Inahesabiwa siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Mimi tangu mzunguko wangu wa likizo uanze ilikuwa miezi sita, siku 156, gawa kwa 13 ni siku 12, tena 360,000. Ila usijidanganye kwamba utakaa likizo huku notisi inahesabika, sheria hairuhusu viende pamoja. Kwenye pesa ndo vinakutana.

Advansi sikubisha, nilisaini fomu kwamba nikiondoka salio likatwe kwenye malipo ya mwisho, na deni ulilolikubali kwa maandishi linakatwa kihalali. Shida ni kwamba walikata yote 300,000 wakati salari slipu ya mwezi uliopita inaonyesha 100,000 ilishakatwa. Lilibaki 200,000. Hiyo slipu nilikuwa nimeipiga picha kwenye simu, vinginevyo ningebishana na nini?

Kwa hiyo 360,000 ya mshahara jumlisha 360,000 ya likizo, toa 360,000 ya notisi, toa 200,000. Inabaki 160,000 kabla ya kodi na NSSF, na ni mimi ninayewadai wao, siyo wao wanaonidai mimi.

Niliandika barua ya ukurasa mmoja na hesabu hiyo hiyo, nikabandika slipu na nakala ya fomu, nikapeleka kwa mkono wakagonga muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu. Nikawaambia kwa heshima kwamba tusipoelewana nitaenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, na kwa madai ya aina hii una siku 60 tangu mgogoro uanze, usikae unasubiri simu yao mpaka ziishe. Wiki ya pili wakanipigia nikasaini karatasi mpya, na cheti cha utumishi nikakichukua siku hiyo hiyo.