Ukuta umeingia kwangu: anzeni na bikoni

Swali la wiki: "Jirani yangu anasema ukuta niliojenga umeingia kwenye kiwanja chake. Tumepima kwa futi na kila mtu ana jibu lake. Tunalimalizaje jambo hili bila kufikishana mahakamani?"

Mimi ni mpima ardhi, na katika kazi yangu hakuna kinachonisikitisha kama ugomvi wa ukuta. Watu waliokuwa wakiachiana watoto wanafikia kunyimana salamu kwa ajili ya kipande ambacho hakuna aliyewahi kukipima sawasawa. Kwa hiyo suala la nani ana haki nitaliweka kando kwanza, nizungumzie hiyo futi yenu.

Vipimo vilivyoandikwa kwenye ramani ya upimaji ni vya mlalo. Ramani ikisema upana wa kiwanja ni mita 20, hizo ni mita 20 za futi iliyonyooka kama maji yaliyotulia, hata kama kiwanja chenyewe kiko mteremkoni. Ukiilaza futi juu ya ardhi inayoshuka, utapata urefu wa mteremko, nao siku zote huzidi ule wa ramani. Mteremko wa nyuzi 10 si mkali, lakini unatosha kuzifanya mita 20 za ramani zisomeke mita 20.31 kwenye futi. Sentimita 31 hizo hazijaibwa na mtu yeyote.

Niliwahi kuitwa na majirani wawili waliokuwa katika hali hiyo hiyo. Viwanja vyao vilipakana ubavu kwa ubavu, kila kimoja kikiwa na upana wa mita 20 na urefu wa mita 30 kwenda nyuma. Mbele ardhi ilikuwa tambarare. Nyuma ilishuka kutoka kwa mama mmoja aliyejenga ukuta kuelekea kwa mzee jirani yake. Mzee alipima kiwanja cha mama kule nyuma, kuanzia bikoni ya upande wa mbali hadi uso wa ukuta unaotazama kwake, akapata mita 20.45. Akapiga hesabu yake: sentimita 45 mara mita 30, mita za mraba 13 na nusu za ardhi yake zimekwenda. "Mama, chumba kizima umekichukua," alimwambia. Mama naye alijibu kwamba fundi alivuta kamba kutoka bikoni hadi bikoni, na kwamba hatabomoa hata tofali moja. Kila mmoja aliamini anachosema.

Kabla sijagusa kifaa niliwaomba wakubaliane kwa maandishi, na ninawasihi nanyi mfanye hivyo. Mpima awe mmoja, aliyesajiliwa, mnayemlipa nusu kwa nusu. Kila upande ukileta mpima wake, mtabaki na karatasi mbili na ugomvi ule ule. Andikeni kwamba kazi ni kufufua mipaka kulingana na ramani iliyosajiliwa, kwamba wote wawili mtakuwapo siku ya kupima, na kwamba taarifa itatolewa nakala mbili zinazofanana. Sahihi hizo ziwekwe kabla mtu hajajua matokeo, kwa sababu baada ya matokeo mmoja wenu hatakuwa na hamu ya kusaini.

Siku ya kupima, msishangae mkimwona mpima anaanzia mbali. Bikoni inayogombaniwa haiwezi kujitolea ushahidi yenyewe. Huenda imegongwa na lori, au wachimba msingi waliing'oa kisha wakairudisha kwa kukadiria. Kwa mzee na mama nilianza na bikoni za mbele, nikaenda hadi za viwanja vya ng'ambo ya barabara, nikalinganisha umbali kati yao na ule wa kwenye ramani. Tofauti ilikuwa sentimita moja au mbili, kiasi cha kawaida kwa kazi nzuri. Bikoni ambazo zote zinasema jambo moja ndizo za kutegemewa, na kutoka kwazo mpima hukokotoa mahali pa ile isiyoonekana. Bikoni ya nyuma kati ya viwanja vile haikuwepo. Ama ilikuwa chini ya zege la msingi, ama ilitupwa pamoja na kifusi, hakuna aliyeweza kusema. Mkiikuta yenu ikitikisika kwa mkono, au kichwa chake kikiwa kimeinama, iacheni hapo hapo mumwonyeshe mpima. Msiinyooshe wala kuihamisha, maana katika nchi nyingi kuhamisha alama ya mpaka ni kosa la jinai.

Simu nayo haifai kwa kazi hii. Alama inayoonyesha kwenye ramani yake inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na ninyi mnabishania sentimita. Kama mnataka kujikagulia wenyewe kabla ya kumwita mpima, shikeni futi ikiwa mlalo, mkitumia pima maji kuihakiki na timazi kushusha ncha yake hadi ardhini, na mpime kwa vipande vifupi mkishuka mteremko kama ngazi. Vipimo hivyo havitasimama mbele ya sheria, lakini vitawaonyesha kama mnagombania jambo lililopo au lisilokuwepo.

Tulivuta kamba kwenye mstari wa kweli, kisha tukapima kutoka kamba hadi uso wa ukuta kila baada ya mita chache. Mbele ukuta uligusa mstari barabara. Ulivyoendelea ulihama kidogo kidogo, na nyuma kabisa ulikuwa umevuka kwa sentimita 14. Zile mita 20.45 za mzee zilikuwa mita 20.14 za mlalo. Pembetatu iliyovukwa ilikuwa na eneo la mita za mraba 2 na pointi moja, si 13 na nusu. Mzee alikuwa na haki, ila kwa kiasi kidogo sana kuliko alivyodhani. Kilichosababisha kilijulikana baada ya kumuuliza fundi. Alipokosa bikoni ya nyuma, alielekeza kamba yake kwenye ua wa zamani wa miti, na miti ile ilikuwa imetanuka kuelekea kwa mzee.

Hapo watu wengi husimama, lakini kuna sehemu ambayo macho hayaioni. Ukuta wa unene wa sentimita 15 mara nyingi hukaa juu ya msingi mpana zaidi. Tulichimba shimo dogo kando ya ukuta, mama akiwa ameridhia, tukakuta msingi wa sentimita 45, ukuta ukiwa katikati yake. Kwa hiyo msingi ulitokeza sentimita 15 zaidi upande wa mzee, hata pale mbele ambapo ukuta wenyewe haukuwa na kosa. Anayetaka kubaki ndani ya kiwanja chake kikamilifu anapaswa kuuweka ukingo wa msingi kwenye mstari, wala si uso wa ukuta. Kwa mzee jambo hili lilikuwa na uzito, kwa sababu alikusudia kupitisha bomba la majitaka kando ya mpaka.

Baada ya kipimo kujulikana, kuna njia kama tatu: kubomoa sehemu iliyovuka, kuhamisha mpaka kisheria, au kuuacha ukuta kwa ruhusa iliyoandikwa. Kuhamisha mpaka kunadai upimaji mpya, idhini ya mamlaka ya ardhi na kubadilisha hati zote mbili. Ni njia halali, ila kwa mita 2 za mraba gharama inaweza kuizidi thamani ya ardhi yenyewe. Kubomoa kunasikika kama haki kamili, lakini ule ukuta ulikuwa umezuia udongo wa juu. Kuuondoa bila kwanza kuushika udongo huo kungeuporomosha kwa mzee mwenyewe. Nilimweleza hivyo, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi ubaki, lakini mpaka usihame."

Maneno yake hayo ndiyo tuliyoyaweka kwenye makubaliano. Mama alikiri kwamba sehemu ya ukuta na msingi imesimama kwenye ardhi ya mzee kwa ruhusa yake, na kwamba mpaka unabaki ule wa kwenye ramani. Siku ukuta utakapoanguka au kujengwa upya, utarudi ndani ya mstari. Pia mama aliziba matundu yaliyokuwa yakimwaga maji ya mvua kwa mzee, akajenga mfereji nyuma ya ukuta kuyapeleka kwenye mtaro. Mfereji huo ni wa lazima. Ukiziba matundu ya ukuta unaozuia udongo bila kuyapa maji njia nyingine, maji yatajaa nyuma yake hadi yausukume. Bomba la mzee lilisogezwa likapita mbali kidogo na msingi.

Ruhusa ya mdomo haitoshi, hata mkiwa mnapendana. Sheria za nchi nyingi humpa haki mtu aliyekalia ardhi ya mwenzake waziwazi kwa muda mrefu bila ridhaa yake na bila kupingwa. Idadi ya miaka hutofautiana, hivyo muulizeni mwanasheria wa kwenu. Karatasi inayosema ukuta upo kwa ruhusa inamlinda mwenye ardhi dhidi ya dai la namna hiyo, na inaweza kumsaidia mwenye ukuta asiamriwe ghafla kubomoa na mtoto au mnunuzi ambaye hakuwepo mlipoelewana. Ambatisheni mchoro wa mpima wenye namba za bikoni na vipimo vya ukuta. Kama hati ina majina ya wenzi wawili, wote wawili wasaini. Kama kiwanja kimewekwa rehani, benki iarifiwe. Na muulize ofisi ya ardhi kama makubaliano hayo yanaweza kusajiliwa, kwa sababu mnunuzi huangalia kwanza kilichomo kwenye daftari lao.

Haya yote yanategemea kuwepo kwa ramani yenye bikoni. Kama kiwanja chenu hakijapimwa, au ramani yenu huchora mpaka kwa kufuata ua na mitaro tu bila vipimo kamili, mpima hawezi kuwapa jibu la sentimita. Atawapa mahali pa kukubaliana, mkiwa na mashahidi waliokuwapo shamba lilipogawanywa, kisha ndipo mpime na kuweka bikoni mpya. Na kama ujenzi bado unaendelea, aliyeona kasoro aandike barua yenye tarehe msingi ukiwa bado unachimbwa, na ujenzi wa upande ule usimame hadi mpima afike. Fundi akigoma kusimama, hapo ndipo mahakama ina kazi: kutoa zuio la muda, ili kipimo kifanyike kabla ya tofali kupanda.