Barua ya kusitisha ajira mwisho wa majaribio: andika sababu, andika na hesabu

Nimekaa miaka kwenye ofisi za vyama vya msingi vya korosho huku Masasi na Newala, na barua iliyonipa kazi kuliko zote ni ile ya kumwambia kijana kwamba majaribio yameisha na hatutaendelea naye. Wengi huiandika kwa mistari mitatu: "Uongozi umeona hauridhishi, tunakushukuru." Halafu anaondoka na maswali, na maswali hayo anayapeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Nieleze kwa kisa cha karani wa stoo ya pembejeo. Alianza Machi 1, majaribio miezi 6, mshahara wa msingi 520,000 kwa mwezi, siku 6 za kazi kwa wiki. Aliajiriwa kutoka Morogoro. Ilipofika msimu wa salfa, leja yake haikulingana na mzigo uliokuwa stoo. Aliitwa mara mbili, akaelekezwa, akapewa muda wa kurekebisha, na kila kikao kikaandikwa na yeye akasaini. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka hivyo hasa: aambiwe kasoro, asikilizwe, apewe nafasi. Bila karatasi za vikao hivyo, hata barua nzuri namna gani haikusaidii.

Sababu yenyewe tuliiandika hivi: "Katika tathmini za Mei na Julai, hesabu ya mifuko ya salfa kwenye leja ilitofautiana na iliyopo stoo, na vocha za wakulima hazikuingizwa siku ya kutolewa kama tulivyokubaliana. Baada ya maelezo yako ya Agosti 22, uongozi umeamua kutokuthibitisha." Ona kwamba hakuna neno "mzembe" wala "si mwaminifu". Mwenyekiti wetu alitaka tuongeze kwamba anamshuku kwa mifuko iliyopungua. Nikamwambia, Mzee, kama unashuku wizi, huo ni utaratibu wa nidhamu wenye tuhuma na kikao chake. Usiupitishe kwa mlango wa majaribio. Akakubali, shingo upande.

Sasa pesa, ambako ndiko ugomvi hulala. Kwa anayelipwa kwa mwezi, ukishapita mwezi wa kwanza wa ajira, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28. Ukitaka siku ya mwisho iwe Agosti 31, barua imfikie Agosti 3. Kwetu uamuzi ulichelewa, barua ikatoka Agosti 31 yenyewe, kwa hiyo chama kililipa badala ya notisi. Mshahara wa siku ni 520,000 kugawa kwa 26, yaani 20,000. Siku 28 ni wiki 4, siku za kazi 24, hivyo 480,000. Ofisi nyingi hulipa mwezi mzima kuepuka mabishano, na mimi sioni ubaya.

Likizo ndiyo inayosahaulika. Aliye chini ya miezi 6 kazini kwa kawaida hana haki ya likizo ya malipo kisheria, lakini huyu alishaitimiza. Kipimo ni mshahara wa siku 1 kwa kila siku 13 za kazi: siku 156 zinatoa 12, sawa na 240,000. Ukijumlisha na mshahara wa Agosti, inafika 1,240,000 kabla ya kodi ya mshahara na makato ya NSSF. Kiinua mgongo hakipo, kwa sababu hajatimiza miezi 12. Liandike hilo wazi ili asije akadhani amedhulumiwa.

Halafu nauli. Kwa kuwa aliajiriwa akiwa Morogoro, chama kinamrudisha huko na mizigo yake au kinampa gharama zake. Ukimchelewesha, unaweza kudaiwa posho ya kujikimu kwa kila siku anayosubiri. Mwenyekiti aliposikia hilo, hundi ilisainiwa jioni ile ile.

Kwenye barua weka kila kiasi kwenye mstari wake, tarehe ya malipo, vitu vya kukabidhi (funguo, leja, vitabu vya vocha) na kwamba atapewa cheti cha utumishi. Cheti hicho kinataja kazi na muda aliotumikia; usikichafue kwa malalamiko.

Mpe barua ana kwa ana, mlango umefungwa, na kama anataka mfanyakazi mwenzake akae pembeni, mruhusu. Toa nakala mbili. Juu ya sehemu ya saini yake andika "Nimeipokea", si "Nimekubali". Akikataa kusaini usibishane naye. Shahidi aandike kwamba amepewa barua mbele yake, aweke tarehe na saa.