Karma ya Wahindu na Wabudha si "malipo ni hapa hapa duniani"

"Jamaa alinidhulumu hela, sasa kapigwa na kiharusi. Kila mtu mtaani anasema karma imemrudia. Hivi Wahindu na Wabudha, wenye neno lao, ndivyo wanavyoamini?"

Pole kwa hasara, ndugu. Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye duka la mzee mmoja Mgujarati, Mhindu wa dini. Siku niliyodhulumiwa na mshirika wangu nilimwambia, "Mzee, karma itamshughulikia." Hakupendezwa. Akanieleza kwamba karma maana yake ni tendo tu, si askari anayetumwa kumkamata mtu.

Akanipa mfano wa mishale, ambao Wahindu wengi wanaujua. Iliyomo kwenye podo ni sanchita, yaani akiba ya matendo ya maisha yaliyopita. Uliokwisha kuruka ni prarabdha: huo haurudishwi, ndio unaoishi matokeo yake sasa. Ulioko kwenye upote, hujauachia, ni agami. Tunda la dhuluma ya leo basi laweza kungoja hata maisha mengine, na wewe uliyedhulumiwa huenda usilione kamwe. Katika Vedanta, mojawapo ya falsafa kuu za Kihindu, Mungu ndiye anayeyagawa matunda hayo.

Wabudha hawana mgawaji huyo. Kwao kamma, ndiyo karma hiyo hiyo kwa lugha ya Kipali ya maandiko yao, ni nia: Budha alisema nia ndiyo anayoiita kamma. Ukimkanyaga mdudu bila kujua, hujatenda kamma ya kuua. Na kumfurahia mgonjwa kwa sababu alikudhulumu ni nia pia, tena ni yako wewe.

Hata uzito wa malipo haulingani na kosa kama deni la dukani. Budha alitoa mfano wa bonge la chumvi. Litie kwenye kikombe cha maji, hayanyweki. Litupe mto Ganga, maji hayabadiliki ladha. Chumvi ni ile ile. Vivyo hivyo watu wawili wafanye kosa dogo la aina moja: asiyejilea kimaadili na kiakili laweza kumtesa vibaya, na aliyejilea likapita karibu bila kuonekana. Ile hesabu ya jicho kwa jicho tunayoiita karma mtaani inavunjika hapo.

Sasa kiharusi. Mtawa mzururaji aitwaye Sivaka alimuuliza Budha kuhusu wanaosema kila maumivu yametokana na matendo ya zamani. Budha akataja vyanzo vinane: nyongo, kohozi, upepo, mchanganyiko wa hivyo vitatu, mabadiliko ya majira, kutojitunza, kushambuliwa, na cha nane ndicho matunda ya kamma. Akasema wanaobandika yote kwenye kamma wanapita mipaka ya wanachokijua, nao wamekosea. Kwa hiyo Mbudha anayeijua dini yake hawezi kumtazama jamaa yako kitandani akatangaza sababu. Presha ya muda mrefu isiyotibiwa inatosha kabisa kumwangusha mtu, awe mwizi au mwema. Hela zako bado ni deni, hata akipona.