Kukaimu Mei si sawa na kukaimu Januari

Kwenye mihtasari ya warithi wa nafasi za juu niliyopitia katika hoteli za hapa Malindi, naona jambo moja likijirudia. Mtu ameandikwa "yuko tayari sasa" kwa kuwa alikaimu na hakuna lililoharibika. Uliza alikaimu lini. Utaambiwa Mei.

Mei ni masika. Kusi inavuma, mwani umejaa ufukweni, na hoteli kadhaa zimefunga milango kabisa. Wakubwa ndipo wanapochukua likizo, kwa hiyo wasaidizi wao hukaimu wakati hakuna cha kukaimu. Cheo kinashikwa, kazi yenyewe haipo.

Ndiyo sababu kabla ya kumpa yeyote daraja, mimi huandika kwanza kila daraja lina maana gani kwa kiti husika. "Tayari sasa" ni yule ambaye akikalishwa kesho atavuka msimu wa wageni bila kushikwa mkono. "Mwaka 1 hadi 2" ana pengo moja au mawili ninayoweza kuyataja. "Miaka 3 hadi 5" ana kichwa kizuri, ila sehemu kubwa ya kazi hajaigusa. Wa dharura namweka safu yake peke yake, kwa sababu huyo ni wa kushikilia wiki chache mtu akitafutwa, na huenda hata kiti chenyewe hakitaki.

Chukua kiti cha mhasibu mkuu katika hoteli moja ya ufukweni niliyoifanyia kazi hii. Ukurasa ulikuwa na watu watatu. Mhasibu msaidizi alikuwa ameandikwa "tayari sasa", na ushahidi ulikuwa ule ule wa Mei. Nikaomba tuorodheshe yanayomsumbua mhasibu mkuu msimu ukichanganya: ankara za maejenti wa Italia ambazo hazilingani na vocha, amana za yuro zilizolipwa Septemba kwa vyumba vya Krismasi (hizo ni deni kwa mgeni mpaka alale, si mapato), na malipo ya vibarua walioongezwa jikoni. Kisha tarehe za KRA hazingoji mtu: PAYE ya Desemba ni kufikia tarehe 9 Januari, VAT tarehe 20. Katika hayo yote, msaidizi alikuwa amefanya PAYE tu. Tukamshusha hadi "mwaka 1 hadi 2".

Hatua ya kumkuza haikuwa semina. Ilikuwa kuhamisha likizo ya bosi wake kutoka Mei hadi Januari, tarehe 2 hadi 21, ili tarehe zote mbili zimkute msaidizi peke yake.

"Nikiondoka Januari, maejenti watajibiwa na nani?" mhasibu mkuu aliuliza.

"Na huyo uliyemwandika yuko tayari sasa, mama."

Alicheka, lakini likizo aliisogeza. Sharti lilikuwa msaidizi aandike kila swali alilolazimika kumpigia bosi simu. Daftari lile lina thamani kuliko fomu ya tathmini. Maswali kuhusu nywila au faili iliko ni ya kupuuza, hayo yanamalizwa kwa makabidhiano mazuri. Maswali ya "niamue vipi" ndiyo pengo lenyewe. Yake karibu yote yalihusu amana na kiwango cha kubadilisha yuro, kwa hiyo hatua iliyofuata ilijulikana bila kubahatisha: asimamie daftari la amana kuanzia Septemba, bosi akilikagua kila mwisho wa mwezi.

Mdhibiti gharama tulimwacha "miaka 3 hadi 5". Stoo anaijua hadi gunia la mwisho, ila upande wa wadaiwa hajawahi kuugusa, na amebakiwa na ngazi ya mwisho ya CPA. Kwake yeye ni msimu mzima kwenye dawati la wadaiwa, na ruhusa ya mitihani iliyoandikwa kwenye ratiba ya zamu mapema.

Wa tatu, mhasibu wa mapato, ana CPA kamili na anatafuta kazi Nairobi, kila mtu anajua. Wengine walitaka ashushwe daraja kwa hilo. Nikakataa. Uwezekano wa kuondoka una safu yake. Ukiuchanganya na utayari, ukurasa hautakuambia tena nani anaweza kazi.

Tukaja kwa wa dharura. Jina lilikuwa la msaidizi, vizuri, lakini benki haikuwa na sahihi yake na kwenye iTax hakuwa na ruhusa ya kuwasilisha chochote kwa niaba ya hoteli. Bosi akiugua tarehe 7, mishahara ingekwama mezani. Hilo halikuhitaji mwaka wa kumkuza mtu. Lilihitaji barua ya wakurugenzi kwenda benki, na niliandika tarehe ya barua hiyo juu kabisa ya ukurasa, kabla ya daraja la mtu yeyote.