Ndoto hupotea baada ya kuamka

Hapa Bukavu nasikia watu wengi wakisema hawaoti kabisa. Mimi naamini wanaota kila usiku, ila ndoto zao huwaponyoka katika dakika ya kwanza baada ya kufungua macho. Nimekuwa nikiandika ndoto zangu kwa miaka, na nikimsaidia mtu kukumbuka zake, dakika hiyo ndiyo ninayoanza nayo.

Usingizi huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90. Karibu na mwisho wa kila mzunguko huja usingizi ambao macho huchezacheza chini ya kope. Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman waliueleza huko Chicago mwaka 1953, na ndiko hutokea ndoto nyingi zenye visa virefu. Mtu ukimwamsha katikati yake, mara nyingi atakusimulia alichokuwa anakiona. Ukimwacha aendelee kulala, asubuhi hana kitu. Sababu mojawapo ni kwamba wakati huo noradrenalini, kemikali inayosaidia ubongo kukaza kumbukumbu, inashuka sana. Ndoto inabaki ikielea kama namba ya simu uliyotajiwa njiani, na ili ishike lazima uwe macho kidogo ikiwa bado ipo. Watafiti wa Lyon, Ufaransa, waliona kwamba wanaokumbuka ndoto mara kwa mara hukaa macho usiku kwa jumla ya karibu dakika 30, na wasiokumbuka karibu nusu ya hapo. Vipindi hivyo ni vifupi, wengi hata hawavijui.

Sasa mchukue jirani yangu wa Kadutu. Analala saa nne usiku. Saa kumi alfajiri maji yanafika kwenye bomba, anaruka kitandani, anabeba bidoni, anapanga foleni. Aliniambia, "Nililota kitu, lakini imepotea." Kwake kuna hasara mbili. Kwanza, usingizi wa ndoto hurefuka kadiri asubuhi inavyokaribia: ule wa mwanzo wa usiku ni wa dakika chache, ule wa alfajiri unaweza kufika nusu saa au zaidi. Akiamka saa kumi na asirudi kulala, amekata sehemu iliyo tajiri zaidi. Pili, hata kile alichokuwa nacho kinasukumwa na hesabu ya bidoni.

Sikumwambia aache maji. Nilimwambia akirudi alale tena mpaka saa kumi na mbili, siku ambazo kazi inamruhusu, na hapo ndipo awe mwangalifu. Akiamka mara hiyo ya pili, asigeuke na asifungue macho. Ajiulize kwanza: nilikuwa nasikia nini moyoni, hofu, furaha, haraka? Hisia hukaa kuliko picha, na mara nyingi huivuta picha. Akipata picha ya mwisho, aulize kabla yake kulikuwa na nini, arudi nyuma hatua kwa hatua. Asipopata kitu, ageukie polepole upande mwingine anaopenda kulalia, ajaribu tena. Kisha achukue kaye iliyo karibu na mto na aandike maneno matatu au manne tu: "daraja, marehemu shangazi, viatu vyekundu." Sentensi zitafuata baadaye. Ukianza na sentensi, akili inaanza kuziba mapengo kwa mambo ambayo hayakuwemo, na huwezi tena kutofautisha.

Asubuhi za kwanza alipata hisia bila picha. Hiyo ni kawaida, na hata hiyo aiandike.

Wengi hulaumu kengele ya simu. Kengele yenyewe haina kosa kubwa; ikilia ukiwa katikati ya ndoto inaweza hata kukusaidia kuikamata. Ubaya uko kwenye kidole kinachofuata, kinachofungua WhatsApp kusoma habari za usiku. Mwaka 1973 Cohen na Wolfe waliwaomba watu fulani, mara waamkapo, wapige simu kuuliza hali ya hewa na kuandika joto la siku kabla ya kueleza ndoto. Asilimia 33 tu walikumbuka kilichokuwamo, dhidi ya 63 ya waliotulia kwanza. Simu moja fupi ilitosha kufanya hivyo, sembuse ujumbe wa vikundi vitano! Mimi kengele yangu naiweka mbali, mkono usiifikie, na data ninaizima tangu jioni. Pombe ya usiku nayo huubana usingizi wa ndoto, hasa nusu ya kwanza ya usiku.

Kuna watu ambao siwapi ushauri huu. Hapa Kivu tuko wengi ambao usiku hurudishiwa yale tuliyoyaona vitani. Kama ndoto ni ileile, inakuamsha kwa jasho na unaogopa kulala, usiifuate peke yako na kaye. Mwone mwanasaikolojia. Zipo njia za kutibu jinamizi, na mojawapo ni kuibadilisha hadithi ya ndoto mchana, ukiwa macho na ukiwa na mtu anayejua kukuongoza.