Jedwali Unalo, Mbona Aya Bado Ni Orodha?

"Mwalimu, msimamizi amenirudishia sura ya pili ya tasnifu, ile ya mapitio ya maandiko, ameandika 'hii ni orodha'. Jedwali la vyanzo nililichora. Nimekosea wapi?" (Chake Chake)

Katika jedwali ulilonitumia, kila mwandishi ana mstari wake, na juu umeweka mwaka, mbinu na matokeo. Hiyo ni kumbukumbu ya usomaji, na anayeandika kwa kuifuata hana budi kummaliza mwandishi mmoja ndipo aanze mwingine. Ligeuze: waandishi wakae juu, mada zishuke upande wa kushoto, kisha kila aya itoke katika mstari mmoja wa mada.

Wewe unaandika kuhusu wanawake walioacha kulima mwani wa kotonii, basi tuchukue mstari wa "sababu za kuacha". Chanzo A kilipima joto la maji ya kina kifupi na kueleza kwamba joto hilo huudhoofisha mwani. Chanzo B kiliwahoji wakulima, nao wakalalamikia bei. Chanzo C kilikagua mashamba na kukuta matawi yaliyogeuka meupe na kukatika. Ukiusoma mstari huo kwa pamoja, aya inakuja hivi:

"Kotonii haikuachwa kwa sababu moja. Joto la maji ya kina kifupi huudhoofisha mwani (A), na mashambani matawi yameonekana yakigeuka meupe na kukatika (C). Huenda hasara hiyo ndiyo inayowafanya wakulima waione bei kuwa haiwalipi (B)."

Sentensi ya kwanza ni yako, si ya mwandishi yeyote. Neno "huenda" nimeliweka kwa makusudi, kwa kuwa hakuna chanzo kati ya hivyo kilichounganisha hasara na bei. Kiungo hicho ni chako, na kumbebesha mwandishi jambo asilolisema ni kosa kubwa kuliko orodha. Ndani ya kila kisanduku andika pia mbinu na ukurasa, kwani A na B wanaweza kuonekana wanapingana ilhali mmoja alipima maji na mwingine aliuliza watu.

Ukitaka kujikagua, tazama maneno ya mwanzo ya kila sentensi. Yakiwa ni majina ya waandishi mfululizo, bado unaorodhesha.

"Kisanduku kikiwa kitupu nijaze nini?"

Usijaze kitu. Weka kistari ikiwa umesoma na hukukuta, na alama ya kuuliza ikiwa hujamaliza kusoma, kwa sababu wengi hudai "pengo la utafiti" ambalo kwa kweli ni pengo la usomaji wao.

"Nichore kwenye kompyuta au karatasi?"

Popote utakapoweza kuuona mstari mzima kwa mara moja.

"Naomba mada za kuweka kwenye jedwali, utafiti wangu ni wa utalii Nungwi."

Ombi hili huletwa kila wiki, na jibu langu halijabadilika: sitoi mada. Soma vyanzo vitatu au vinne, andika pembeni neno moja kwa kila hoja, na yale yanayojirudia ndiyo mada zako. Anayeanza na mada za kupewa huishia kunyofoa sentensi ili visanduku vijae.